Mteja amefutwa, lakini bado yumo: kutafuta data iliyobaki kwenye nakala rudufu, logi na faili za uchambuzi

Mwongozo huu umeandikwa kwa msimamizi wa hifadhidata aliyekwisha kuendesha amri ya `DELETE`, akaona jibu `DELETE 1`, kisha siku chache baadaye akalikuta jina la mteja yuleyule mahali pengine. Kila sehemu inaanza na dalili, inaeleza sababu zinazoweza kuizaa na namna ya kuzitenganisha, halafu inaonyesha cha kufanya.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Duka la mtandaoni nchini Kenya linaendesha PostgreSQL kwenye seva kuu na replika moja. Nakala rudufu zinachukuliwa kwa pgBackRest: nakala kamili kila Jumapili saa nane usiku, na nakala ya nyongeza usiku wa siku nyingine zote. Kila alfajiri hati moja ya programu hutoa orodha ya wateja na mauzo kama faili za CSV na kuzipeleka kwenye hifadhi ya wingu ya S3, ambako wachambuzi wa biashara huzichukua. Jumanne tarehe 4 Machi 2025, mteja namba 48213 aliandika akiomba data yake ifutwe.

Kwa duka la Kenya, haki hiyo imo katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kanuni za mwaka 2021 zinamtaka mdhibiti wa data ajibu ombi la kufuta ndani ya siku 14, yaani kufikia tarehe 18 Machi. Duka hilo likiwa na wateja walioko Umoja wa Ulaya, kifungu cha 17 cha GDPR nacho kitahusika, na muda wake wa kawaida ni mwezi mmoja. Si kila kitu kitafutwa. Sheria ya taratibu za kodi ya Kenya inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, kwa hiyo ankara za mteja huyu zitabaki, ila zitatengwa na matumizi mengine yote. Amueni hilo pamoja na mwanasheria kabla ya kugusa data, kwa sababu ukishafuta ankara huwezi kuirudisha bila kufungua nakala rudufu, na hapo utakuwa umemrudisha mteja mzima.

Jambo jingine la awali ni dogo, lakini lina uzito: futa kwa namba ya mteja, kamwe usifute kwa barua pepe au namba ya simu. Amri inayosema `WHERE email = '...'` inaweza kuingia kwenye logi ya seva, kwenye historia ya `psql` na kwenye tiketi ya kazi, na hivyo kitendo cha kufuta kikaacha nakala mpya tatu.

## Dalili: jedwali la wateja halina mtu, lakini ukurasa wa utafutaji wa ndani bado unamwonyesha

Anza na sababu nyepesi. Programu nyingi hazifuti safu. Zinajaza tu `deleted_at`, kisha kila hoja inatakiwa kuzingatia alama hiyo. Hoja moja ikiisahau, mteja anaonekana. Hata zote zikiikumbuka, data bado ipo na ombi halijatimizwa. Alama ya namna hiyo inafaa kumficha mteja wakati ombi linachunguzwa, nayo isihesabiwe kuwa ndiyo ufutaji.

Sababu inayowachanganya watu zaidi ni jedwali la ukaguzi. Timu nyingi huweka triga inayohifadhi sura ya awali ya safu kila inapobadilishwa au kufutwa, kwa kawaida kama JSON nzima. Maana yake ni kwamba ulipomfuta mteja 48213, triga ilitekeleza kazi yake kwa uaminifu: ilichukua jina, simu, anwani na tarehe ya kuzaliwa, ikaviandika upya kwenye jedwali la ukaguzi sekunde ileile. Mle ndani pia mna mabadiliko yake yote ya zamani, ikiwemo anwani aliyohama miaka mitatu iliyopita.

Kutambua ni rahisi. Kwanza orodhesha mahali ambapo JSON au namba ya mteja inaweza kujificha, hasa kwenye majedwali yasiyo na ufunguo wa kigeni:

```sql
SELECT table_name, column_name, data_type
FROM information_schema.columns
WHERE table_schema = 'public'
  AND (data_type IN ('json', 'jsonb')
       OR column_name ILIKE '%mteja%'
       OR column_name ILIKE '%email%'
       OR column_name ILIKE '%simu%');
```

Orodha inayotoka hapo ndiyo msingi wa kazi yote inayofuata. Kwa duka letu italeta majedwali yaliyotarajiwa, yaani oda, ankara na anwani, pamoja na yaliyosahaulika: vikapu vilivyoachwa bila kulipiwa, maombi ya kubadili nywila, na foleni ya ujumbe mfupi ambayo hakuna aliyewahi kuisafisha. Yaweke yote, isipokuwa ankara zinazotunzwa kwa sheria ya kodi, ndani ya fanksheni moja, tuiite `futa_mteja(id)`, inayoweza kuitwa mara mbili au kumi kwa mteja yuleyule bila kuleta kosa. Uwezo huo wa kurudiwa utahitajika sana tutakapofika kwenye nakala rudufu.

Triga ya ukaguzi isizimwe, kwa maana ukaguzi una kazi yake. Ibadilishe ili inapokutana na `DELETE` kwenye majedwali yenye data binafsi iandike namba ya mteja, saa na jina la mtumiaji wa hifadhidata peke yake, kisha `futa_mteja` iyasafishe yaliyoandikwa zamani.

## Dalili: safu zimefutwa kila mahali, lakini barua pepe inatokea kwenye takwimu za mpangaji

Hii huwashangaza hata wazoefu. PostgreSQL hukusanya sampuli za thamani za kila safuwima ili mpangaji wa hoja ajue mgawanyo wake. Kwa kiwango chaguomsingi cha 100, safuwima ya barua pepe inaweza kuwa na thamani 101 halisi, zilizonakiliwa neno kwa neno kwenye mipaka ya histogramu. Mteja wako akiwa miongoni mwa hao, anwani yake inasomeka kwenye `pg_stats` mpaka takwimu zikusanywe upya. Tiba ni kuendesha `ANALYZE` kwenye majedwali husika mara baada ya kufuta.

Pamoja na hilo kuna safu zilizokufa. `DELETE` haiondoi chochote kwenye diski papo hapo. Huweka alama tu kwamba toleo lile la safu halionekani tena, na `VACUUM` ndiyo huja kulisafisha. Ukiendesha `VACUUM (VERBOSE) wateja;` na ripoti ikasema kuna safu `dead but not yet removable`, ujue kuna kitu kinaizuia. Mara nyingi ni muamala ulioachwa wazi kwa saa nyingi, replika iliyowashwa `hot_standby_feedback` huku hoja ndefu ikiendelea kwake, au nafasi ya urudufishaji iliyoachwa na replika ambayo haipo tena. Tazama `backend_xmin` kwenye `pg_stat_activity` na `xmin` kwenye `pg_replication_slots`. Yenye umri mkubwa kuliko zote ndiyo yenye kosa.

Wapo wanaodai kwamba kila ombi lifuatwe na `VACUUM FULL`, ambayo huandika jedwali lote upya. Sikubaliani nao. Amri hiyo inafunga jedwali kabisa hadi imalizike, hata kwa wanaosoma, na faida yake ni kuondoa mabaki ya baiti ambayo hakuna hoja ya kawaida inayoweza kuyafikia na ambayo yataandikwa juu yake kadiri jedwali linavyotumika. `VACUUM` ya kawaida pamoja na diski iliyosimbwa vinatosha.

## Dalili: mteja amerudi baada ya kurejesha nakala rudufu

Hapa ndipo maombi mengi yaliyofanywa vizuri huharibika. Tuseme duka lilimfuta mteja 48213 Alhamisi tarehe 6 Machi saa nne asubuhi. Jumamosi tarehe 8 hitilafu ya programu iliharibu bei za bidhaa, na msimamizi akairejesha hifadhidata mpaka hali ya Jumatano jioni. Bei zilirudi sawa. Mteja 48213 naye alirudi, na Jumatatu akapokea ujumbe wa ofa ya wiki.

Wazo la kwanza la wengi ni kuingia ndani ya nakala rudufu na kumfuta humo. Kwa nakala za aina hii hilo haliwezekani kwa njia ya maana. Nakala ya pgBackRest ni kurasa za diski zilizobanwa, kila faili ikiwa na alama yake ya uhakiki, zikifuatana na faili za WAL zinazorekodi kila badiliko lililotokea. Ili umwondoe mtu mmoja ungelazimika kuirejesha kila nakala kwenye seva ya pembeni, umfute, kisha uchukue nakala mpya. Na hiyo mpya haitaungana tena na WAL ya zamani, kwa hiyo unapoteza uwezo wa kurudi kwenye dakika unayoitaka. Ungekuwa umewaharibia usalama wateja wote kwa ajili ya mmoja.

Njia inayokubalika ina nguzo mbili: nakala zife kwa wakati unaojulikana, na yeyote aliyefutwa afutwe tena kila nakala inaporejeshwa, kabla programu haijaunganishwa. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Uingereza, ICO, imeliweka jambo hili kwa mtazamo huohuo: data iliyobaki kwenye nakala rudufu iwekwe mbali na matumizi yoyote hadi itakapoandikwa juu yake, na mhusika aelezwe waziwazi kitakachotokea.

Nguzo ya pili inahitaji daftari la ufutaji, na kosa la kwanza linalofanyika ni kuliweka ndani ya hifadhidata ileile. Ukirejesha hali ya Jumatano, daftari nalo linarudi Jumatano, wakati ambapo mteja alikuwa bado hajafutwa. Daftari liwe nje, kwenye hifadhi tofauti yenye nakala zake zenyewe, na liwe na namba ya mteja na saa ya kufutwa, bila jina wala simu. Baada ya kurejesha, kabla ya kufungua milango, mrejeshaji anaendesha:

```sql
BEGIN;
CREATE TEMP TABLE waliofutwa (
  mteja_id bigint PRIMARY KEY,
  alifutwa timestamptz NOT NULL
);
\copy waliofutwa FROM '/mnt/daftari/ufutaji.csv' CSV
SELECT futa_mteja(mteja_id) FROM waliofutwa;
COMMIT;
```

Hatua hii iandikwe ndani ya hati ileile ya urejeshaji, isiachwe kwenye ukurasa wa maelekezo. Anayerejesha hifadhidata saa tisa usiku hasomi kurasa.

Daftari hili lina mtego mmoja ambao sijaona ukitajwa mara nyingi. Kama namba za wateja zinatolewa na mfuatano wa hifadhidata, urejeshaji unaurudisha mfuatano huo nyuma. Fikiria mteja aliyejisajili Alhamisi akapewa namba 50010, akabadili mawazo na kufutwa Ijumaa. Urejeshaji wa Jumamosi unarudisha mfuatano kwenye 50003. Baada ya siku chache, mtu mwingine kabisa anajisajili na kupewa 50010. Daftari likichezwa upya katika urejeshaji mwingine, linamfuta mtu asiyeomba lolote. Kinga ni mojawapo kati ya hizi: tumia UUID kwa namba za wateja, au baada ya kurejesha sogeza mfuatano mbele kupita namba kubwa kabisa iliyowahi kutolewa, au ndani ya hoja ya juu linganisha tarehe ya usajili na `alifutwa`, ili aliyesajiliwa baada ya saa ile asiguswe. Mimi ningefanya la pili na la tatu kwa pamoja, kwa sababu kuhamia UUID ni mradi wa miezi.

Wengine huweka heshi ya namba ya simu badala ya namba ya mteja, wakiamini kwamba hiyo si data binafsi tena. Namba za simu za mkononi za Kenya zina tarakimu tisa baada ya 254, kwa hiyo hata ukizihesabu zote hazizidi bilioni moja, na kompyuta ya kawaida huzipitia zote kwa SHA-256 ndani ya muda mfupi. Ukilazimika kutambua mtu kwa simu, tumia HMAC yenye ufunguo wa siri uliotunzwa kwingine.

Sasa nguzo ya kwanza: nakala zitakufa lini hasa? Mpangilio wa duka unasema hivi:

```
repo1-retention-full-type=time
repo1-retention-full=30
```

Ni rahisi kudhani kwamba mteja aliyefutwa tarehe 6 Machi atakuwa ametoweka tarehe 5 Aprili. Sivyo pgBackRest inavyohesabu. Tukiuweka kando kwanza urejeshaji wa tarehe 8, nakala kamili ya mwisho yenye mteja huyu ni ya Jumapili tarehe 2 Machi, na nakala zote za nyongeza hadi Jumamosi tarehe 8 zinaitegemea. Chombo hiki hakiondoi nakala kamili mpaka kuwe na nyingine, baada yake, iliyokwisha kutimiza siku 30, kwa kuwa vinginevyo kisingeweza kukuhakikishia kurudi nyuma siku 30 kamili. Nakala inayofuata ni ya tarehe 9 Machi, nayo inatimiza siku 30 tarehe 8 Aprili baada ya saa nane usiku. Kwa kuwa usafishaji hufanyika mwishoni mwa uchukuaji wa nakala uliofanikiwa, nakala ya tarehe 2 Machi itaondoka usiku wa kuamkia tarehe 9 Aprili. Ukiwa na nakala kamili za kila wiki, basi, siku 30 za kwenye faili ni takriban siku 37 za kweli.

Hesabu hiyo inavunjika kwa njia mbili. Nakala kamili ya tarehe 9 Machi ikishindwa, ya tarehe 2 inasubiri ile ya tarehe 16 itimize siku zake, na tarehe inasogea kwa wiki nzima bila mtu kubadili mpangilio wowote. Na kama mstari wa `repo1-retention-full` haupo kabisa, pgBackRest hutoa onyo tu kwenye logi na kuendelea kutunza kila kitu bila kikomo.

Dalili jirani ni mteja aliyefutwa kupokea ujumbe ingawa seva kuu haijarejeshwa. Ulizia seva ya majaribio. Kwa kawaida imejazwa kutoka nakala rudufu ya miezi iliyopita, haimo kwenye utaratibu wowote wa kufuta, na mtu fulani amesahau kuikata na mtoa huduma wa ujumbe. Hati ya kujaza seva hiyo nayo lazima icheze daftari, au bora zaidi ibadilishe majina na simu zote kabla ya mtu yeyote kuingia.

## Dalili: barua pepe yake imo kwenye logi

Kabla ya kutafuta, andaa sura zote ambazo data inaweza kuwa nazo. Simu moja huandikwa kwa kuanza na 07, na 2547, na +2547, na ikipita kwenye anwani ya wavuti alama ya kujumlisha hugeuka `%2B`, kama vile `@` ya barua pepe inavyogeuka `%40`. Anayetafuta sura moja tu atapata jibu safi la uongo. Ziandike zote kwenye faili, sura moja kila mstari, ili zisiingie kwenye historia ya ganda, kisha:

```
zgrep -l -F -f tafuta.txt /var/log/postgresql/* /var/log/nginx/*
```

Faili `tafuta.txt` ifutwe kazi inapoisha, kwani sasa nayo ni nakala.

Ndani ya logi ya PostgreSQL, chanzo kisichotarajiwa ni ujumbe wa kosa. Mteja akijaribu kujisajili mara ya pili kwa barua pepe ileile, hifadhidata inakataa na kuandika mstari wa `DETAIL: Key (email)=(...) already exists.`, anwani ikiwa wazi. Chini yake unafuata mstari wa `STATEMENT` wenye amri nzima iliyoshindwa. Chanzo cha pili ni `log_min_duration_statement`: kila hoja iliyochelewa inaandikwa pamoja na vigezo vyake. Ndiyo maana logi huwa na wateja wengi zaidi siku ambazo seva ilikuwa nzito.

Tangu toleo la 13 kuna vizuizi vya kutosha:

```
log_error_verbosity = terse
log_min_error_statement = panic
log_parameter_max_length = 0
log_parameter_max_length_on_error = 0
```

Mstari wa kwanza unaondoa `DETAIL`, wa pili unaondoa amri iliyoshindwa, na miwili ya mwisho inaficha vigezo. Gharama yake ni ya kweli: mtengeneza programu ataona kwamba kulikuwa na mgongano wa thamani ya kipekee bila kujua ni thamani ipi. Kwa maoni yangu hiyo ni bei nafuu, mradi programu yenyewe iandike namba ya ombi inayoweza kufuatiliwa. Lakini fahamu mpaka wake: programu inayounganisha thamani ndani ya maandishi ya SQL badala ya kuzipitisha kama vigezo itaendelea kuziandika kwenye logi za hoja zilizochelewa, na dawa yake iko kwenye msimbo.

Logi zilizokwisha kuandikwa sishauri zihaririwe mstari kwa mstari. Logi iliyohaririwa haina tena thamani ya ushahidi siku ya uvamizi, na hati ya kuhariri huwa inaacha sura mojawapo ya simu. Afadhali ziwe na maisha mafupi yaliyoandikwa kwenye sera, kwa mfano siku 14 kwa seva ya wavuti na 30 kwa hifadhidata, na uhakikishe kwamba muda huo unafuatwa hadi kwenye mfumo wa kukusanyia logi, ambako mara nyingi mpangilio ni tofauti kabisa na ule wa seva. Isipokuwa tu pale unapokuta nywila au namba ya kitambulisho: faili hiyo iondolewe leo.

## Dalili: mteja amerudi ingawa hakuna kilichorejeshwa

Ukikuta safu mpya ya mteja aliyefutwa, tazama saa yake ya kuundwa. Kama ni saa ileile kila siku, si mteja aliyejisajili upya. Ni kazi ya usiku. Katika duka letu, wachambuzi huipeleka CSV ya wateja kwenye chombo cha barua za matangazo, na chombo hicho hurudisha orodha yake kila alfajiri ili alama za "amefungua barua" ziingie kwenye hifadhidata. Hati inayopokea hutumia `INSERT ... ON CONFLICT DO UPDATE`. Mteja asipokuwepo, hakuna mgongano, kwa hiyo anaingizwa kama mpya. Badilisha hati hiyo iwe `UPDATE` tupu, isiyoweza kuunda mtu, kisha mfute mteja kwenye chombo chenyewe. Kifungu cha 40 cha sheria ya Kenya kinakutaka pia uwajulishe wengine uliowapa data hiyo, kwa hiyo orodha ya wanaopokea faili zako si hiari.

Faili zenyewe za CSV zina ugumu wa aina nyingine. Hazibadilishwi, kila alfajiri inatolewa mpya, na za zamani zinabaki. Kufuta faili kwenye S3 iliyowashiwa utunzaji wa matoleo hakuondoi kitu: kunaweka alama ya kufutwa juu, na toleo la chini bado linasomeka kwa yeyote mwenye ruhusa anayejua namba yake. Angalia kwa amri hii:

```
aws s3api list-object-versions --bucket mauzo-uchambuzi --prefix wateja/
```

Ukiona `DeleteMarkers` pamoja na `Versions` zenye `Key` ileile, faili bado zipo. Weka kanuni ya mzunguko wa maisha inayoondoa matoleo yasiyo ya sasa baada ya siku chache, au yafute moja moja kwa kutaja `--version-id`. Hifadhi ikiwa imefungwa kwa Object Lock katika hali ya `COMPLIANCE`, hakuna atakayeweza kufuta kabla ya muda wake, hata mwenye akaunti kuu. Kwa hiyo faili za wateja zisiwekwe humo kamwe.

Wachambuzi wakitumia BigQuery, safu iliyofutwa bado inaweza kusomwa kwa kurudi nyuma hadi siku 7 kwa mpangilio wa kawaida, na baada ya hapo Google huitunza siku 7 nyingine kwa ajili ya dharura. Zijumlishe siku hizo kwenye tarehe utakayompa mteja.

Tiba ya kudumu ni kuacha kupeleka majina. Wachambuzi wa mauzo wanahitaji kujua kwamba mtu mmoja alinunua mara tatu. Hawahitaji kujua anaitwa nani. Wape namba ya bandia kutoka jedwali la ulinganisho lililobaki ndani ya hifadhidata, na mteja anapofutwa safu yake kwenye jedwali hilo ifutwe. Faili za zamani zinabaki na mauzo yake bila njia nyepesi ya kumfikia. Nasema nyepesi, kwa sababu tarehe kamili ya kuzaliwa pamoja na jina la kata vinaweza kumtambulisha mtu mmoja hata bila jina. Peleka mwaka na kaunti.

Nakala zilizo kwenye kompyuta za wafanyakazi huwezi kuzifikia kwa amri yoyote. Waulize kwa maandishi, na uweke majibu yao kwenye faili la ombi.

## Jibu kwa mteja na ukaguzi wa mwisho

Jibu la tarehe 18 Machi liseme kweli na litaje tarehe. Kwa mteja 48213 lingesema kwamba data yake iliondolewa kwenye mfumo unaotumika tarehe 6 Machi. Kwamba ilirudi kwa muda baada ya urejeshaji wa tarehe 8 na ikaondolewa tena, kwa kuwa alipokea ujumbe wa ofa na ana haki ya kujua sababu. Kwamba ankara zake zinabaki kwa mujibu wa sheria ya kodi na hazitatumika kwa matangazo. Kwamba nakala rudufu zenye data yake hazifunguliwi ila wakati wa dharura, na zikifunguliwa atafutwa kabla ya mfumo kutumika. Na kwamba zitakwisha.

Tarehe ya kukwisha ndiyo inayohitaji uangalifu. Urejeshaji wa tarehe 8 ulibadilisha hesabu yetu ya awali: kama mteja alionekana na kufutwa tena Jumatatu tarehe 10, basi nakala kamili ya Jumapili tarehe 9 nayo inamwonyesha, na itakayokuja safi ni ya tarehe 16 Machi. Hiyo inatimiza siku 30 tarehe 15 Aprili, kwa hiyo nakala ya mwisho yenye jina lake itaondoka usiku wa kuamkia tarehe 16 Aprili, wala si tarehe 9.

Asubuhi ya tarehe 16 Aprili endesha `pgbackrest --stanza=duka info`. Nakala kamili hutambulishwa kwa tarehe na saa ikifuatiwa na herufi F, kama `20250309-020003F`, na za nyongeza hubeba jina hilo mbele yao. Isibaki hata moja inayoanza na `20250302` au `20250309`. Ikiwepo, soma logi ya usafishaji uone nakala ipi ilishindwa, mwandikie mteja tarehe mpya, na usiondoe namba 48213 kwenye daftari la ufutaji mpaka orodha iwe safi.